Waraka wa kuomba fedha za rafu mpya za ghala: mwongozo kamili kwa meneja wa ugavi

Maombi mengi ya rafu hukataliwa kwa sababu ya sentensi moja: "Tutaokoa nafasi." Mkurugenzi wa fedha hana mstari wa nafasi katika vitabu vyake. Ana mstari wa kodi ya ghala la pembeni, wa usafiri, wa malipo ya saa za ziada, na wa bidhaa zilizofutwa kwa kuharibika. Kazi yako yote kama meneja wa ugavi ni kuibadilisha nafasi na mwendo wa mizigo kuwa mistari hiyo, mmoja baada ya mwingine, na kuonyesha ni upi utakoma, lini, na kwa kiasi gani. Mstari usiokoma usiuhesabu kama fedha.

Mwongozo huu unafuata ghala moja la mfano tangu siku ya kuhesabu paleti hadi waraka wenyewe. Ukumbi wa kuhifadhia una urefu wa mita 40 na upana wa mita 28, yaani mita za mraba 1,120, na kimo cha mita 8 hadi kwenye vinyunyizi vya moto. Paleti ni za milimita 1,200 kwa 1,000, zikiwa na mzigo zina kimo cha mita 1.5, na nzito kabisa ina kilo 800. Kuna aina 210 za bidhaa. Kwa sasa paleti zinapangwa sakafuni, moja juu ya nyingine, mbili tu, kwa kuwa maboksi ya chini hayabebi ya tatu. Zisizoenea zinapelekwa kwenye ghala la kukodi. Fedha zote zimeandikwa kwa tarakimu za mfano zisizo na sarafu; weka zako.

Hatua ya kwanza: hesabu ghala lilivyo, si lilivyochorwa

Usianze kwa kumwita muuza rafu. Anza kwa kuhesabu paleti kila siku kwa saa ileile, kwa wiki nne mfululizo, na wiki hizo zijumuishe mwisho wa mwezi ambapo ghala hufurika. Andika mambo matatu: alama za sakafuni zinazoweza kuwekwa paleti, paleti zilizopo ukumbini, na paleti zilizo kwenye ghala la kukodi.

Katika ghala letu alama za sakafuni ni 352. Kwa paleti mbili mbili, uwezo wa makaratasi ni 704. Hesabu ya kila siku, hata hivyo, inatoa wastani wa paleti 460 tu, yaani asilimia 65. Za nje ni 340. Jumla ya akiba ni paleti 800 kwa wastani, na siku ya kilele ni 830.

Hapo ndipo swali la kwanza la mkurugenzi litakapotokea: "Ghala lina nafasi 704 na ndani mna 460. Kwa nini tunakodi nje?" Lazima uwe na jibu kabla hajauliza. Mstari wa paleti zilizopangwa sakafuni unaweza kubeba bidhaa ya aina moja tu, la sivyo ya nyuma haifikiki. Mstari wenye nafasi kumi ukishatoa paleti sita, nafasi hizo sita zinabaki tupu mpaka zile nne za mwisho ziondoke. Kwa aina 210 na paleti 800, kila aina ina wastani wa paleti nne hivi. Mistari mirefu haiwezi kujaa kwa bidhaa za namna hiyo, hata msimamizi awe hodari vipi. Piga picha ya mstari uliobaki nusu tupu, uonyeshe tarehe, uiambatishe. Picha hiyo moja inafanya kazi kuliko aya tatu za maelezo, kwa sababu wakurugenzi wengi wanalipita ghala na kuona pengo hilo kama uzembe.

Hatua ya pili: chora mpangilio mpya na uhesabu mwenyewe

Hesabu ya muuzaji itakuja, lakini uwe umeshapiga yako, ili tofauti ikitokea ujue imetoka wapi.

Katika ghala hili chaguo ni rafu za kawaida za paleti, ambazo kila paleti inafikika yenyewe bila kugusa nyingine. Aina ya foklifti ndiyo inayoamua upana wa njia. Foklifti ya kawaida yenye uzito wa nyuma inahitaji njia ya karibu mita 3.5 hadi 4. Foklifti ya kusimamia rafu, ambayo husogeza uma wake mbele na kuurudisha ndani ya miguu yake, inatosha kwenye mita 2.7 hadi 3 hivi. Soma kipimo kwenye karatasi ya mtengenezaji kwa paleti yako hasa, kisha upime kutoka mzigo hadi mzigo, wala si kutoka nguzo hadi nguzo. Paleti hutokeza nje ya rafu kila upande, na sentimita hizo kumi zikisahauliwa, dereva atazilipa kwa kugonga nguzo kila wiki.

Tuchukue njia za mita 2.9. Rafu moja ina kina cha mita 1.2 kwa paleti yake, na rafu mbili zilizopeana mgongo, pamoja na mwanya wa milimita 100 kati ya mizigo, huchukua mita 2.5. Weka rafu moja kwenye kila ukuta ikiwa na mwanya wa milimita 100, jozi nne katikati, na njia tano. Jumla ni mita 14.5 za njia, 10 za jozi na 2.6 za kutani, yaani 27.1. Upana wa 28 unatosha, na sentimita 90 zinabaki kwa mabomba na nguzo za jengo. Umepata safu kumi.

Kwa urefu, acha zaidi ya mita 4 kila mwisho ili foklifti igeuke na kupishana. Chumba kimoja cha rafu chenye paleti mbili kinahitaji boriti ya milimita 2,300: paleti mbili za 1,000 na mianya mitatu ya 100. Ongeza upana wa nguzo, unapata mita 2.4 kwa kila chumba. Vyumba 13 ni mita 31.3.

Kimo nacho kina hesabu yake. Mzigo wa mita 1.5, mwanya wa milimita 100 juu yake ili uma uweze kuinua, na unene wa boriti kama milimita 120, vinatoa 1,720. Boriti hupachikwa kwenye matundu ya nguzo yaliyopangwa kwa hatua maalumu, kwa hiyo panda hadi 1,750. Paleti ya kwanza inakaa sakafuni, tatu juu yake. Kilele cha mzigo wa nne ni mita 6.75, na chini ya vinyunyizi inabaki mita 1.25. Ngazi ya tano ingefika mita 8.5, kwa hiyo haipo. Mwandikie mkurugenzi hivyo waziwazi, maana atainua macho na kuona anga tupu juu ya rafu.

Safu 10, vyumba 13, paleti 2, ngazi 4: nafasi 1,040. Sasa toa. Njia ya dharura inayokata katikati ya safu nane za ndani inaondoa ngazi mbili za chini katika chumba kimoja cha kila safu, kwa kuwa chini ya boriti ya kwanza kuna mita 1.6 tu na mtu hapiti amesimama. Hizo ni nafasi 32. Nane nyingine zinazuiwa na mabomba na makabati ya vifaa vya moto. Zinabaki 1,000.

Usiandike 1,000 kama uwezo. Ghala lililojaa kwa asilimia mia halifanyi kazi: paleti inayoingia inasubiri inayotoka, na madereva wanaanza kuacha mizigo njiani. Kwa rafu za aina hii asilimia 85 ni makadirio ya kiasi, yaani paleti 850. Kilele chako cha 830 kinaenea. Kama kilele kingekuwa 950, waraka huu ungebidi uombe kitu kingine.

Hatua ya tatu: vitu viwili vinavyoweza kuua mradi

Sakafu ni cha kwanza. Mzigo uliokuwa umetawanyika sakafuni sasa utashuka kwenye sahani ndogo za chuma chini ya kila nguzo. Kila chumba kina ngazi tatu za boriti. Paleti ya sakafuni haihesabiwi. Ngazi tatu mara paleti mbili mara kilo 800 ni kilo 4,800. Fremu ya katikati hupokea nusu kutoka kila upande, hivyo inabeba 4,800, na nguzo zake mbili hugawana: kilo 2,400 kila moja, ukiacha uzito wa chuma. Pale rafu mbili zinapopeana mgongo, nguzo mbili ziko sentimita kama 20 tu kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo kipande hicho kidogo cha zege kinapokea karibu kilo 4,800. Mpe mhandisi wa majengo tarakimu hizo, apime unene na uimara wa zege, na mahali pa viungo vya sakafu. Majibu yake yaambatane na waraka. Mradi ulioidhinishwa na baadaye kugundulika kwamba sakafu haibebi unamharibia meneja jina kwa miaka.

Cha pili ni moto. Vinyunyizi vilivyowekwa kwa ajili ya mizigo ya mita tatu sakafuni huenda visitoshe kwa rafu za karibu mita saba, kwa sababu moto kwenye rafu hupanda haraka kupitia mianya ya wima. Idara ya zimamoto na kampuni ya bima waulizwe kwa maandishi kabla ya kuomba fedha. Gharama ya kubadilisha mfumo inaweza kuwa kubwa kuliko unavyodhani, na ndiyo inayosahaulika mara nyingi kuliko zote.

Hatua ya nne: pima mwendo wa mizigo kwa saa ya mkononi

Hapa ndipo meneja wengi hukisia, na makisio huonekana. Fuatilia utoaji wa paleti 200 kwa siku kadhaa na zamu tofauti. Kwa kila paleti andika: imetoka moja kwa moja au ilibidi zingine ziondolewe kwanza? Zilizoondolewa zilikuwa ngapi, na zilirudishwa?

Katika mfano wetu, paleti 80 kati ya 200 zilihitaji kufukuliwa, na jumla ya miendo ya ziada ilikuwa 240. Hiyo ni miendo 1.2 isiyo na faida kwa kila paleti inayotoka. Ghala linatoa paleti 90 kwa siku na kupokea 90. Kwa hiyo miendo ya kufukua ni 108 kwa siku, na kwa wastani wa dakika 1.5 kila mmoja ni saa 2.7.

Ghala la kukodi lina miendo yake. Paleti 30 kwa siku hupitia huko, na kila moja hubebwa mara nne zaidi: kupakiwa hapa, kushushwa kule, kupakiwa kule, kushushwa hapa. Miendo 120, saa 3.

Sasa toa kile ambacho rafu itakurudisha nyuma. Kuinua paleti hadi ngazi ya tatu au ya nne, kulenga boriti na kushusha uma kunachukua muda kuliko kuweka sakafuni. Ukikadiria dakika 0.4 zaidi kwa kila mwendo, kwa miendo 180 ya kuingiza na kutoa, ni saa 1.2 kwa siku. Waraka unaodai kwamba rafu inaharakisha kila kitu utapingwa na mtu yeyote aliyewahi kusimama ghalani.

Akiba halisi ni 2.7 na 3.0 kutoa 1.2, yaani saa 4.5 kwa siku. Kwa siku 290 za kazi ni saa 1,305 kwa mwaka.

Hatua ya tano: tenganisha fedha inayokoma na muda unaopungua

Saa 1,305 si fedha bado. Kama madereva walewale watalipwa mshahara uleule, kampuni haijaokoa chochote ambacho kitaonekana benki. Nenda kwa mtunza mishahara uchukue saa za ziada zilizolipwa ghalani mwaka uliopita. Katika mfano huu saa 900 za ziada zilitokana na kufukua na safari za ghala la kukodi, zikilipwa 12 kila moja. Hizo ni 10,800, na hizo ndizo unazozidai. Saa 405 zilizobaki zitaje kama uwezo wa ziada wa kupokea mizigo zaidi bila kuajiri, lakini usizipe thamani ya fedha. Kujizuia huku ndiko kunakomfanya mkurugenzi wa fedha aziamini tarakimu zako nyingine.

Mistari mingine ichukue kwenye vitabu vyenyewe, pamoja na namba za akaunti. Kodi ya ghala la nje ni 48,000 kwa mwaka. Usafiri kati ya maghala mawili ni 18,000. Bidhaa zilizofutwa kwa kubonyezwa na paleti ya juu ni 6,000. Dai nusu tu, 3,000, kwa sababu foklifti bado itatoboa maboksi mengine. Jumla ni 79,800.

Toa gharama mpya za kila mwaka: kukodi foklifti ya kusimamia rafu 15,000, na ukaguzi wa rafu pamoja na vipuri 2,500. Kinachobaki ni 62,300 kwa mwaka.

Hatua ya sita: omba fedha zote mara moja

Kurudi miezi mitatu baadaye kuomba fedha za vikinga nguzo ni aibu isiyo ya lazima. Orodha ya ghala letu ni hii:

| Kitu | Kiasi |
|---|---|
| Fremu, boriti, pini za usalama na nanga, nafasi 1,000 | 75,000 |
| Vikinga nguzo, nyavu za nyuma na za juu ya njia ya dharura, vibao vya uzito | 8,000 |
| Kufunga rafu | 12,000 |
| Mhandisi na upimaji wa sakafu | 4,000 |
| Mabadiliko ya mfumo wa moto | 15,000 |
| Kuhamisha mizigo wakati wa ujenzi | 6,000 |
| Mafunzo ya madereva | 2,000 |
| Tahadhari, asilimia 10 | 12,200 |
| Jumla | 134,200 |

Mstari wa kuhamisha mizigo ndio wengi huuacha. Rafu haiwezi kufungwa juu ya paleti zilizopo. Ukumbi utaondolewa mizigo nusu kwa nusu, na nusu hiyo ya akiba itahitaji pa kulala.

Omba kotesheni tatu zenye maelezo yanayofanana: uzito wa paleti, idadi ya ngazi, kimo cha boriti ya kwanza, na uwezo wa kila jozi ya boriti. Jozi hapa inabeba kilo 1,600, na kuagiza ya 2,000 kunaacha nafasi kwa bidhaa nzito zaidi baadaye. Kimo cha boriti ya kwanza si jambo dogo, kwani ukikipandisha baada ya kununua, nguzo ileile itabeba mzigo mdogo kuliko ulioandikwa kwenye kibao. Bei ya chini sana mara nyingi imepatikana kwa kuacha nanga, pini au vikinga. Ilinganishe mstari kwa mstari.

Hatua ya saba: onyesha fedha itarudi lini, na nini kinaweza kuichelewesha

134,200 ukigawanya kwa 62,300 ni miaka 2.15, karibu miezi 26. Lakini mkataba wa ghala la nje una notisi ya miezi mitatu, na huwezi kuitoa kabla rafu hazijafungwa na kukaguliwa. Katika miezi hiyo unaendelea kulipa kodi 12,000 na usafiri 4,500. Hiyo inasogeza marejesho kwa miezi mitatu na kidogo. Andika miezi 29, si 26.

Kisha weka hali mbaya moja au mbili, zenye uzito wa kweli. Iliyo muhimu hapa ni kushuka kwa akiba ya paleti. Kama paleti zitapungua kutoka 800 hadi 640, ghala la nje lingehitaji kubeba 180 tu hata bila rafu. Akiba ya kodi na usafiri ingepungua kwa takriban 31,000, ikabaki kama 31,200 kwa mwaka, na fedha ingerudi kwa miaka 4.3. Hali ya pili: mwenye ghala la nje anakataa kuvunja mkataba na kodi inaendelea mwaka mzima. Soma mkataba kabla ya kuandika, kwa sababu hilo swali litaulizwa.

Kipimo kimoja cha kulinganisha kinastahili kuwekwa mapema. Rafu inaongeza nafasi zinazotumika kutoka 460 hadi 850, yaani 390. Kila nafasi mpya inagharimu 344 mara moja. Nafasi ya kukodi inagharimu 141 kila mwaka, kabla ya usafiri. Mkurugenzi asiyejua lolote kuhusu boriti anaielewa sentensi hiyo papo hapo.

Hatua ya nane: andika waraka wenyewe

Kurasa mbili zinatosha. Michoro, kotesheni na hesabu ziwe viambatisho. Ombi likae kwenye aya ya kwanza, pamoja na kiasi na tarehe. Wakurugenzi wengi huamua kama watasoma kwa makini baada ya mistari mitano. Hivi ndivyo waraka wa ghala letu ungesomeka:

> KWA: Wakurugenzi
> KUTOKA: Meneja wa Ugavi
> YAH: OMBI LA 134,200 KWA AJILI YA RAFU ZA PALETI NA KUFUNGA GHALA LA KUKODI
>
> Naomba idhini ya kutumia 134,200 kufunga rafu za paleti katika ukumbi mkuu wa ghala. Mradi utatuwezesha kuacha ghala la kukodi na kupunguza matumizi kwa 62,300 kwa mwaka. Fedha itarejea ndani ya miezi 29, ukihesabu notisi ya miezi mitatu tunayodaiwa na mwenye ghala.
>
> Hali ilivyo. Tunatunza wastani wa paleti 800. Ukumbi wetu unabeba 460 tu, na 340 ziko nje. Sababu ni upangaji wa sakafuni: tuna aina 210 za bidhaa, wastani wa paleti nne kwa kila aina, na kila mstari unabeba aina moja. Hivyo sehemu ya tatu ya nafasi hubaki tupu bila kutumika (Kiambatisho 1, hesabu ya wiki nne na picha).
>
> Kinachopendekezwa. Rafu za ngazi nne zenye nafasi 1,000, ambazo kwa matumizi ya kawaida zitabeba 850. Kilele chetu ni 830. Kila paleti itafikika bila kuondoa nyingine, na iliyotangulia kuingia itatangulia kutoka.
>
> Akiba kwa mwaka. Kodi 48,000, usafiri 18,000, saa za ziada 10,800, bidhaa zinazobonyezwa 3,000. Toa foklifti mpya 15,000, ukaguzi na vipuri 2,500. Zinabaki 62,300. Kuna saa nyingine 405 za kazi zitakazopatikana. Sikuzihesabu kama fedha.
>
> Njia nyingine zilizopimwa. Kuendelea kukodi kunagharimu 66,000 kwa mwaka kwa kodi na usafiri. Rafu za kuingia ndani kwa foklifti zinabeba zaidi kwa mita ya mraba, lakini zinahitaji paleti nyingi za aina moja na hutoa kwanza iliyoingia mwisho, jambo lisilofaa kwa bidhaa zetu zenye tarehe ya mwisho wa matumizi.
>
> Hatari. Paleti zikipungua hadi 640, marejesho yatafika miaka 4.3. Mhandisi amethibitisha sakafu (Kiambatisho 3). Masharti ya zimamoto na bima yamejumuishwa kwenye bajeti (Kiambatisho 4).
>
> Uamuzi unaoombwa. Idhini kabla ya tarehe iliyotajwa kwenye Kiambatisho 5, siku ambayo bei ya kotesheni iliyochaguliwa inakoma.

Angalia aya ya njia nyingine. Mkurugenzi aliyewahi kuona rafu za kuingia ndani mahali pengine atauliza kwa nini wewe huzitaki, na jibu liko kwenye wastani wa paleti nne kwa kila aina. Njia yenye kina cha paleti sita, iliyopewa bidhaa yenye paleti nne, inarudisha tatizo lilelile la sakafuni, safari hii kwa chuma cha bei ghali.

Maswali ya chumba cha mkutano

"Kwa nini tusinunue rafu zilizotumika?" Inawezekana, ila fremu na boriti ziwe za mtengenezaji mmoja na modeli moja, zenye hati ya uwezo wa kubeba. Boriti inayoingia kwenye tundu la nguzo ya kampuni nyingine si lazima ishikwe vizuri, na hakuna mhandisi makini atakayekuwekea saini ya uzito juu yake. Nguzo iliyopinda na kunyooshwa kwa nyundo haihesabiwi kuwa nzima.

"Gharama ya matunzo si makadirio tu?" Kiwango cha Ulaya cha EN 15635 kinataka msimamizi aliyeteuliwa akague rafu kwa macho mara kwa mara, kwa kawaida kila wiki, na mtaalamu azikague angalau mara moja kila miezi 12. Uharibifu hugawanywa kwa rangi tatu: kijani hufuatiliwa, ya rangi ya kaharabu hairuhusiwi kupakiwa tena ikishatolewa mzigo hadi irekebishwe, nyekundu hutolewa mzigo papo hapo. Taja jina la cheo cha atakayekagua, na uonyeshe kwamba muda wake umeshapangwa. Ghala lenye njia nyembamba na madereva wapya litabadilisha nguzo kadhaa mwaka wa kwanza, kwa hiyo usipunguze mstari wa vipuri ili marejesho yapendeze.

"Tutajuaje kama akiba imepatikana?" Ahidi taarifa tatu, mwezi wa 3, wa 6 na wa 12 tangu rafu kuanza kutumika, na uzijenge kwa vipimo vilevile ulivyoanzia: paleti zilizo nje, miendo ya kufukua katika paleti 200, saa za ziada kutoka kwa mtunza mishahara, na kiasi kilichofutwa. Taarifa ya mwezi wa 3 itakuwa mbaya kuliko waraka ulivyoahidi, kwa kuwa madereva bado wanazoea kimo na ghala la nje halijarudishwa. Liandike hilo ndani ya waraka leo, na nakala ya barua ya notisi kwa mwenye ghala iwe tayari kwenye faili, ikisubiri saini siku mkaguzi atakapokabidhi cheti cha rafu.